Bei ya Saa Tisa

Alhamisi ya tarehe 28 Juni 2012, mteja mmoja wa benki ya Barclays mjini London alikuwa akingojea namba. Mkataba wake na benki ulisema hivi: ikiwa bei ya dhahabu itakayopangwa London saa tisa alasiri siku hiyo itazidi dola 1,558.96 kwa wakia, benki itamlipa dola milioni 3.9. Isipozidi, hapati malipo hayo. Kikao cha kupanga bei kilianza kwa wakati wake, na ilipofika saa tisa na dakika kumi bei ikatangazwa: dola 1,558.50. Mteja alikosa mamilioni yake kwa senti 46.

Kisa hicho kina mkia, nao utakuja. Kwanza yatazamwe maneno ya mkataba. Haukusema "bei ya dhahabu ya tarehe 28 Juni", kwa sababu bei ya namna hiyo haipo. Dhahabu ya London haiuzwi kwenye ukumbi mmoja wenye kengele na ubao. Huuzwa kwa simu na kwenye skrini, benki na benki, na kila benki ina bei mbili mkononi, ya kununulia na ya kuuzia. Toka asubuhi mpaka jioni bei hizo hubadilika mara zisizohesabika. Anayeandikiana leo mkataba wa kukabidhi dhahabu baada ya miezi mitatu hawezi kuandika bei, maana haijui. Anachoweza kuandika ni mahali bei itakaposomwa, siku gani na saa ngapi. Tangu mwaka 1919, mahali hapo pamekuwa London.

Siku hizi mnada wa London hufanyika mara mbili kila siku ya kazi: saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri, kwa saa za huko. Kwa aliyeko Geita au Dar es Salaam, Waingereza wakiwa kwenye majira yao ya joto, hizo ni saa sita na nusu mchana na saa kumi na moja jioni. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza hurudisha saa zao nyuma, na mnada wa jioni unamkuta mtu wa Geita saa kumi na mbili, jua likielekea kuzama.

Chanzo cha yote ni manung'uniko ya wachimbaji wa Afrika Kusini. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na katika miaka ya vita yenyewe, dhahabu ya migodi ya Rand iliishia Benki Kuu ya Uingereza kwa bei iliyowekwa na sheria: pauni 4, shilingi 4 na peni 11 na nusu kwa wakia moja ya dhahabu safi. Vita vilipandisha gharama za kila kitu isipokuwa bei hiyo. Kisha Machi 1919 serikali ya Uingereza ikaacha kuishikilia thamani ya pauni dhidi ya dola. Pauni ikashuka, na kila aliyejua hesabu aliona kwamba wakia ileile ikipelekwa New York na dola zake zikabadilishwa kuwa pauni, ingezaa zaidi ya ile bei ya sheria. Wachimbaji waliona wanakamuliwa.

Katikati ya mwaka huo yakafikiwa makubaliano. Dhahabu ya Afrika Kusini ingeendelea kuletwa London, ingesafishwa, kisha ingeuzwa na nyumba ya N. M. Rothschild kwa bei nzuri kuliko zote zitakazopatikana sokoni. Tarehe 12 Septemba 1919, saa tano asubuhi, Rothschild walikusanya zabuni kutoka kwa nyumba nyingine nne za biashara ya madini ya thamani: Mocatta na Goldsmid, Samuel Montagu, Pixley na Abell, na Sharps na Wilkins. Bei ya kwanza ikawa pauni 4, shilingi 18 na peni 9. Ukiilinganisha na bei ya sheria, mchimbaji alikuwa ameongezewa shilingi 13 na peni 9 na nusu kwa kila wakia. Haikuwa hela ya chai.

Hapo pana jambo ambalo watu wengi huliruka wanaposimulia historia hii. Rothschild hawakuwa wakiuza dhahabu yao. Walikuwa wakala, na wakala anayeuza mali ya mtu mwingine ana tatizo la tangu enzi: atamthibitishiaje mwenye mali kwamba hakuitoa kwa bei ya chini kwa rafiki yake, au kwa yeye mwenyewe? Mwenye mgodi yuko Johannesburg, mwendo wa majuma kadhaa kwa meli, haoni kinachofanyika London. Jibu lilikuwa kuwaweka wanunuzi wote wakubwa pamoja kwa saa moja inayojulikana, kutangaza bei moja, na kuwauzia wote kwa bei hiyohiyo. Mwenye mali hakuhitaji tena kumwamini wakala kwa macho yake au tabia yake. Alihitaji kusoma gazeti tu.

Mwanzoni shughuli ilifanyika kwa simu, lakini haukupita muda wakaanza kukutana kwenye ofisi za Rothschild katika uchochoro wa St Swithin's, ndani ya kitovu cha biashara cha London. Rothschild walishika uenyekiti, wakakaa nao kwa miaka 85. Kila nyumba ilituma mtu mmoja, na mbele ya kila mtu palikuwa na simu iliyomuunganisha na ofisi yake, ambako wenzake nao walikuwa wakizungumza na wateja. Mwenyekiti alitaja bei. Kila mjumbe alisema kama kwa bei hiyo yeye ni mnunuzi, muuzaji, au hana haja. Wakiwa wote wanunuzi, bei ilipanda; wakiwa wote wauzaji, ilishuka. Pande mbili zilipopatikana, waliulizana ni matofali mangapi.

Tofali ndilo kipimo cha soko hili. Lile la kawaida la London lina wakia zipatazo 400, yaani kilo 12 na nusu hivi. Anayelishika mara ya kwanza hushtuka, kwa sababu jicho linaona kitu cha ukubwa wa tofali dogo na mkono unashika uzito wa mtoto wa miaka miwili hivi.

Mezani palikuwa pia na bendera ndogo za Uingereza, moja kwa kila mjumbe. Bendera hizo hazikuwa mapambo. Mjumbe ambaye bado alikuwa akizungumza na ofisi yake kwenye simu, labda mteja amebadili nia, labda oda mpya imeingia, alisimamisha bendera yake. Bendera hata moja ikiwa imesimama, mwenyekiti hakuruhusiwa kutangaza bei. Ilipolazwa ya mwisho ndipo aliposema kwamba bei imekwisha kupangwa. Siku tulivu kazi hiyo ilichukua dakika chache. Siku za taharuki mambo yalikuwa mengine: mwaka 1990 kikao kimoja kilikwenda kwa zaidi ya saa mbili.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 chumba kilifungwa, na hakikufunguliwa tena mpaka Machi 1954. Lakini kufungwa kulikobadilisha sura ya mnada ni kule kwa mwaka 1968, ingawa kulidumu majuma mawili tu.

Wakati huo Marekani na benki kuu za Ulaya zilikuwa zimejifunga kuilinda bei ya dola 35 kwa wakia, zikimwaga dhahabu yao wenyewe London kila bei ilipotaka kupanda. Machi 1968 wanunuzi waliwazidi nguvu. Dhahabu ilikuwa ikitoka kwa tani nyingi kiasi kwamba Marekani iliiomba Uingereza ilifunge soko, na tarehe 15 Machi likafungwa. Lilipofunguliwa tena Aprili 1, dunia ilikuwa na bei mbili za dhahabu, ya serikali na ya soko huria. Katika majuma yale mawili Waswisi wa Zurich hawakulala. Walikuwa wameanza kuvuta kwao dhahabu ya Afrika Kusini, na London iliona wazi kwamba itapoteza riziki yake.

Ndipo wakaongeza mnada wa pili, wa saa tisa alasiri, wakati New York imekwisha amka na kuketi ofisini. Na bei, ambayo kwa miaka yote ilikuwa ya pauni, ikaanza kutajwa kwa dola. Kwa hiyo bei ya asubuhi ni mtoto wa Afrika Kusini ya mwaka 1919, na ile ya alasiri ni mtoto wa Marekani ya mwaka 1968. Hilo lina matokeo mpaka leo: mikataba mingi ya kimataifa huchagua ya alasiri, kwa sababu hupangwa wakati London na New York zote ziko kazini na wanunuzi na wauzaji ni wengi. Mfuko mkubwa wa dhahabu unaouzwa kwenye soko la hisa la New York, SPDR, hutumia bei hiyo ya alasiri kukokotoa thamani ya akiba yake. Januari 21, 1980, dhahabu ilipofikia dola 850, rekodi iliyosimama kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, namba iliyoingia kwenye vitabu ni ya London alasiri.

Mwaka 2004 Rothschild walijiondoa kwenye biashara ya dhahabu na kukiacha kiti. Nafasi yao ilichukuliwa na Barclays, uenyekiti ukawa wa kupokezana, na kikao kikahamia kwenye simu ya pamoja. Bendera zilitoweka mezani, ila neno lilibaki. Mtu aliyetaka kusimamisha kikao alitamka tu "bendera" kwenye simu.

Sasa ule mkia.

Saa tisa ya tarehe 28 Juni 2012, mwenyekiti alianza na dola 1,562, bei ambayo ingempa mteja wa Barclays fedha zake. Soko lilikuwa linashuka, naye akaiteremsha bei hadi 1,556. Hapo wanunuzi wakajitokeza na bei ikaanza kurudi juu. Ndani ya Barclays alikuwepo mfanyabiashara aliyekuwa na dhamana ya kitabu cha mikataba ile, na faida ya kitabu hicho ilitegemea bei isivuke 1,558.96. Kwa mujibu wa mamlaka ya Uingereza ya usimamizi wa masoko ya fedha, alipoona bei inakaribia mstari aliingiza oda kubwa ya kuuza, akaiondoa, kisha akaingiza nyingine ya wakia 60,000, ambazo ni matofali 150. Uzito huo ukatosha kuibana bei kwenye 1,558.50.

Kanuni ya kikao wakati huo ilikuwa kwamba tofauti kati ya wanunuzi na wauzaji ikipungua mpaka matofali 50, bei inatangazwa. Kwa hiyo aliyetaka kuizuia bei isipande hakulazimika kulishinda soko zima la dhahabu duniani. Alihitaji kuziba pengo la wanunuzi waliokuwa kwenye simu dakika ile.

Alishikwaje? Mteja mwenyewe ndiye aliyeuliza. Alipoona bei imesimama senti chache chini ya mstari wake, aliitaka benki imweleze kilichotokea kikaoni. Mfanyabiashara yule alipoulizwa na wakubwa wake hakuitaja oda yake. Baadaye kumbukumbu zilimuumbua. Mei 2014 mamlaka iliitoza Barclays faini ya pauni milioni 26 na ushei kwa kushindwa kusimamia mgongano wa masilahi, na yeye akatozwa pauni 95,600 na kupigwa marufuku kufanya kazi katika sekta hiyo. Mteja alilipwa dola zake milioni 3.9. Kilichowauma wengi ni tarehe: siku moja tu kabla ya tukio, benki hiyohiyo ilikuwa imetozwa faini kwa kuchezea Libor, ile riba rejea ya mikopo ya London.

Libor na bei ya dhahabu hutajwa pamoja kama ndugu wa tumbo moja, lakini haziko sawa. Libor ilikuwa jibu la swali: benki ziliulizwa zinadhani zinaweza kukopa kwa riba gani, zikajibu, na hakuna aliyelazimika kukopa kwa riba aliyoitaja. Bei ya dhahabu ilipangwa kwa dhahabu kununuliwa na kuuzwa. Yule wa Barclays hakusema uongo kuhusu bei. Aliuza matofali 150 kweli. Kosa lake lilikuwa sababu ya kuuza.

Deutsche Bank ilijiondoa kikaoni mwaka huo wa 2014, na ikawa wazi kwamba simu ya pamoja ya watu wanne haitaaminika tena. Kikao cha mwisho cha mtindo wa zamani kilifanyika tarehe 19 Machi 2015. Kesho yake ukaanza mnada wa kompyuta, unaoendeshwa na kampuni ya ICE Benchmark Administration chini ya jina jipya, LBMA Gold Price. Herufi nne za mwanzo ni za chama cha soko la madini ya thamani la London.

Mnada wa sasa ni rahisi kuuelewa kuliko jina lake. Chukulia mfano wenye namba za kubuni. Saa tisa kamili kompyuta inafungua na bei iliyo karibu na ya soko, tuseme dola 2,000. Benki zinazoshiriki zina sekunde 30 za kuingiza, kwa niaba yao na ya wateja, ni wakia ngapi zingenunua au kuuza kwa bei hiyo. Sekunde zinaisha: wanunuzi wanataka wakia 90,000, wauzaji wanatoa 50,000. Pengo ni 40,000. Kanuni inasema pengo lisizidi 10,000, kwa hiyo bei haijapatikana. Wanunuzi ndio wengi, basi kompyuta inapandisha bei, tuseme hadi 2,001.50, na raundi ya pili inaanza. Baadhi ya wanunuzi wanaona bei imewazidi na kupunguza. Baadhi ya wauzaji wanavutiwa na kuongeza. Sasa ni 70,000 kwa 55,000. Bado. Bei inakwenda 2,002. Raundi ya tatu inafunga na 64,000 kwa 58,000.

Pengo la wakia 6,000 liko ndani ya kanuni, na bei imepatikana: dola 2,002. Wale waliotaka kununua wakia 64,000 wanazipata zote, ingawa wauzaji walileta 58,000 tu. Zile 6,000 zinazopungua hugawanywa sawa kati ya washiriki waliokubali kubeba pengo. Wakiwa 12, kila mmoja anauza wakia 500 kwa bei hiyohiyo. Hilo ndilo linalomhakikishia mteja kwamba oda yake ikibaki mnadani mpaka mwisho itatekelezwa yote. Hakuna aliyelipa zaidi au pungufu ya mwenzake, na hakuna tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia.

Hiyo ndiyo sababu ya pili, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo nzito zaidi, inayofanya mikataba iutaje mnada huu. Namba inayochapishwa gazetini mtu anaweza kuisoma. Namba ya mnada mtu anaweza pia kuipata. Mwenye mgodi aliyeahidiwa na msafishaji kwamba atalipwa bei ya alasiri hana wasiwasi, na msafishaji naye hana, kwa sababu anaweza kumwagiza dalali wake auze kiasi kilekile kwenye mnada uleule. Anayenunua kwa 2,002 na kuuza kwa 2,002 hana cha kupoteza kwenye bei. Anaishi kwa ada yake ya kusafisha. Wastani wa bei za siku nzima usingempa nafasi hiyo, maana hakuna mahali anapoweza kwenda kuuza kwa wastani.

Mnada wa kompyuta nao una siku zake mbaya. Aprili 2017, katika siku ambazo mfumo ulikuwa ukibadilishwa na washiriki kupungua, mnada mmoja wa alasiri ulifuata kanuni zake raundi baada ya raundi mpaka ukamalizikia zaidi ya dola 10 chini ya bei iliyokuwa ikitumika sokoni dakika hiyohiyo. Wauzaji walikuwepo, wanunuzi wakawa wachache. Kompyuta haikukosea hesabu, ilikosa watu. Anayetaka kujua kama bei ya siku fulani ina kasoro hutazama mambo mawili yanayochapishwa: idadi ya wakia zilizoingia mnadani, na umbali wa bei ya mwisho kutoka ile ya kufungulia.

Kwa Watanzania, mnada huu ulipita karibu sana mwaka 2017, ingawa wachache waliuona. Machi mwaka huo serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje, na makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Makinikia ni mchanga uliochenjuliwa wenye shaba, dhahabu na fedha, na huuzwa kwa mkataba ambao bei yake haijulikani siku meli inapong'oa nanga. Mnunuzi hutoa malipo ya awali, mzigo ukifika unapimwa, na malipo ya mwisho hukokotolewa kwa wastani wa bei za London za mwezi uliotajwa kwenye mkataba. Ikiwa bei imeshuka, muuzaji hurudisha.

Mei 2017 kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma iliripoti kwamba makontena yale yalikuwa na tani 7.8 za dhahabu zenye thamani ya shilingi bilioni 676. Nyaraka za kampuni ya madini yenye mzigo huo zilionyesha tani moja na ushei, yenye thamani ya bilioni 97.5. Kampuni ilizikataa hesabu za kamati, na nchi nzima ikabishana. Lakini mtu akizigawa zile namba ataona jambo la kuchekesha kidogo: kila upande ulikuwa umeithaminisha tani moja ya dhahabu kwa shilingi bilioni themanini na kitu. Waliofarakana kwa mamia ya mabilioni hawakufarakana hata kidogo kuhusu bei. Ugomvi wote ulikuwa juu ya gramu ngapi zimo kwenye mchanga, kwa sababu gramu hupimwa na watu wenye masilahi, kwenye maabara ambayo upande wa pili hauiamini. Bei haikuwa mali ya yeyote kati yao.

Wastani wa mwezi una faida nyingine ambayo kisa cha Barclays kinaifunua. Mkataba wa yule mteja ulikuwa na ukingo: juu ya 1,558.96 mamilioni, chini yake patupu, siku moja, mnada mmoja. Mkataba wa namna hiyo ni kama kuweka sufuria ya maziwa ukingoni mwa meza yenye paka. Mtu mwenye makinikia anayelipwa kwa wastani wa minada 21 ya alasiri hana ukingo. Bei ya siku moja ikisukumwa chini kwa senti 46, wastani wake unashuka kwa senti mbili na kidogo. Hakuna atakayehatarisha kazi yake kwa ajili ya hizo.

Anayeuza dhahabu kwa tofali hana wastani wa kumkinga, na ndiye anayepaswa kusoma mkataba wake kwa miwani. Tuchukue mgodi unaopeleka kilo 120 za dhahabu ghafi kwa msafishaji, na vipimo vinaonyesha asilimia 85 ni dhahabu safi. Hizo ni kilo 102, au wakia 3,279 hivi. Mkataba ukisema tu "bei ya London ya siku ya kupima", na siku hiyo bei ya asubuhi ikawa 2,002 na ya alasiri 2,010, pande mbili zimetofautiana kwa zaidi ya dola 26,000, na kila upande una haki kwa maandishi yaleyale. Ndiyo maana mikataba iliyoandikwa vizuri hutaja asubuhi au alasiri, hutaja jina la anayeendesha mnada, na hueleza nini kifanyike jina hilo likibadilika. Walioandika kabla ya 2015 neno la zamani la "bei iliyopangwa London" bila kuongeza kitu walijikuta wanarejea chombo kilichokwisha kufungwa.

Lipo na la kalenda. Siku za mapumziko ya Uingereza hakuna mnada, hata kama Mwanza watu wako kazini. Na mara mbili kwa mwaka, Desemba 24 na Desemba 31, London hufanya mnada wa asubuhi kisha hufunga na kwenda nyumbani. Mgodi uliokubali kulipwa bei ya alasiri ya siku ya kupima, na dhahabu yake ikapimwa mkesha wa Krismasi, hauna bei mpaka mkataba uwe umesema kama itachukuliwa ya alasiri iliyotangulia au ya siku ya kazi inayofuata. Baina ya alasiri hizo mbili zinapita siku kadhaa, na kwa wakia 3,279, kila dola moja ya tofauti ni dola 3,279.